Ndoto Kali: Anza na Kidonge, Chupa na Saa za Kulala

Kwa miaka mingi, mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kufubaza makali ya VVU katika kliniki za CTC nchini Tanzania alipewa angalizo ambalo hakulitarajia. Alielezwa kwanza namna ya kumeza kidonge chake, kimoja kila usiku kabla ya kulala, kisha akaambiwa kwamba wiki za mwanzo anaweza kuota ndoto nyingi, kali na za ajabu, asishtuke wala asiache dawa. Kidonge hicho kilikuwa na dawa 3 ndani yake, na iliyoleta ndoto hizo ni efavirenzi, iliyokuwemo kwa kipimo cha miligramu 600.

Waliokimeza walikuwa Waislamu na Wakristo, vijana na wazee, wakulima na makarani. Kila mmoja alikuwa na maisha yake, hofu zake na wafu wake. Hata hivyo, wengi wao walisimulia badiliko lile lile: ndoto zenye rangi kali, zinazosadikika kama mambo ya kweli, ambazo mtu akiamka bado zimemkaa kichwani. Watu tofauti kiasi hicho wanapobadilika kwa namna moja ndani ya siku chache za kuanza dawa moja, chanzo cha badiliko ni dawa.

Sasa mfikirie mgonjwa ambaye hakuambiwa. Usiku wa tatu anamwota marehemu baba yake, usiku wa nne anafukuzwa na nyoka, usiku wa tano anajiona kaburini. Anatafuta maana, na maana hazikosekani. Mmoja atamwambia ana deni kwa mizimu, mwingine atamwambia jirani ana jicho baya, wa tatu atamwambia dawa za hospitali zimekataliwa na damu yake. Huyo wa tatu ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu mgonjwa akimsikiliza ataacha dawa, na virusi vitapata nafasi ya kuongezeka na kuzoea dawa hizo.

Hoja ya makala haya ni utaratibu wa maswali. Kabla ya kuuliza ndoto ina maana gani, uliza kwa nini imekuwa kali hivi, na kwa nini nimeikumbuka. Maswali hayo mawili mara nyingi yana majibu mwilini: katika dawa unayomeza au uliyoacha, katika kilevi ulichokunywa, au katika usingizi uliokatika.

Ndoto huzaliwa wapi usiku

Mwaka 1953, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba macho ya mtu aliyelala huwa na vipindi vya kwenda mbio huku na huku chini ya kope. Waliowaamsha watu katika vipindi hivyo walipata simulizi za ndoto kwa wingi. Kleitman na mwanafunzi wake William Dement walichapisha hesabu yao mwaka 1957: walioamshwa macho yakiwa mbioni walikumbuka ndoto karibu mara 8 katika kila mara 10, na walioamshwa katika usingizi mwingine walikumbuka chini ya mara 1 katika 10. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba hata usingizi huo mwingine una ndoto, ila kwa kawaida ni fupi na hafifu. Ndoto ndefu, zenye kisa, sura na hofu, makao yake makuu ni usingizi wa macho-mbio. Hapa tutauita kwa ufupi usingizi wa ndoto.

Usingizi huu hauji mara moja. Mtu mzima huanza na usingizi mwepesi unaozidi kuwa mzito, kisha baada ya dakika 90 hivi hupata kipindi cha kwanza cha usingizi wa ndoto, cha dakika chache tu. Mzunguko huo hurudi mara 4 au 5 kwa usiku mmoja, na kila unaporudi, kipindi cha ndoto hurefuka. Aliyelala saa 5 usiku na kuamka saa 12 asubuhi hupata sehemu kubwa ya ndoto zake kati ya saa 9 usiku na alfajiri. Kwa jumla, karibu robo ya usingizi wa mtu mzima ni usingizi wa ndoto, yaani saa moja na nusu hadi mbili kila usiku, hata kwa yule anayeapa kwamba yeye haoti.

Huyo asiyeota kwa kweli ni mtu asiyekumbuka. Ubongo uliolala hauhifadhi kumbukumbu vizuri, na ndoto isiyokutana na kuamka hupotea. Usingizi wa ndoto ukimalizika na mtu akaendelea kulala kwa dakika kadhaa tu, akiamshwa baadaye mara nyingi hana la kusimulia. Akiamshwa ndoto ikiwa katikati, ataisimulia yote, pamoja na mapigo ya moyo.

Kwa hiyo lazima tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza ni ukali wa ndoto, unaotegemea wingi na nguvu ya usingizi wa ndoto. La pili ni kumbukumbu, inayotegemea kuamka. Mtu anayesema siku hizi anaota sana huenda anaota kama zamani, ila anaamka mara nyingi zaidi. Mama anayenyonyesha, mzee anayeamka kwenda haja ndogo mara tatu, mtu anayekoroma na kukatika pumzi, wote hawa hubeba ndoto nyingi hadi asubuhi kwa sababu usingizi wao umejaa milango. Katika mwezi wa Ramadhani, anayeamka kula daku hukatiza usingizi katika saa zile zile zenye ndoto nyingi, akarudi kulala baada ya alfajiri na kuzikuta tena. Akisimulia ndoto nyingi mwezi huo, saa za kuamka peke yake zinatosha kueleza wingi wake.

Dawa: zinazoongeza, zinazozuia, na zinazoachwa ghafla

Efavirenzi ni mfano mzuri kwa sababu tunajua mengi kuihusu. Huingia katika ubongo, na hukaa mwilini muda mrefu, hivi kwamba dozi ya jana bado ipo unapomeza ya leo. Chakula chenye mafuta mengi huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu, ndiyo maana wagonjwa walishauriwa kuimeza tumbo likiwa tupu, wakati wa kulala. Aliyekula chipsi na nyama ya kukaanga kisha akameza kidonge papo hapo aliweza kuwa na usiku mgumu kuliko kawaida. Tena ini za watu hazifanani. Kuna wanaoivunja dawa hii polepole kwa sababu ya maumbile ya kurithi, na maumbile hayo ni ya kawaida miongoni mwa Waafrika. Mtu wa namna hiyo hubaki na kiwango kikubwa cha dawa katika damu, na ndoto zake huweza kudumu baada ya za wenzake kupungua. Kwa wengi, hali hutulia ndani ya wiki 2 hadi 4.

Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2019 kwamba dolutegraviri ndiyo dawa ya kutangulizwa, na nchi zetu zimehamia huko. Wagonjwa wengi leo wanameza kidonge chenye dolutegraviri. Hii nayo huweza kumkosesha mtu usingizi au kumletea ndoto zisizo za kawaida, ingawa kwa wengi si kwa nguvu ya ile ya kwanza. Mara nyingi mtoa huduma hutatua tatizo kwa kuhamishia kidonge asubuhi.

Dawa nyingine inayopatikana kwa wingi ni propranololi, inayotolewa kwa presha, kipandauso, na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio. Huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya hadi kwenye ubongo kwa urahisi. Dawa za kundi lake pia hupunguza melatonini, homoni inayouashiria mwili kwamba usiku umeingia. Matokeo kwa baadhi ya watu ni usingizi unaokatikakatika na jinamizi za mara kwa mara. Atenololi, ya kundi hilo hilo, huingia kwenye ubongo kwa kiasi kidogo zaidi, na daktari anaweza kuifikiria kama mbadala kwa mgonjwa anayesumbuliwa.

Lakini njia inayowashangaza watu zaidi ni ya tatu: dawa inayoleta ndoto kwa kuachwa. Amitriptilini ni kidonge cha bei nafuu kinachotolewa kwa sonona, na mara nyingi zaidi kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kama yale ya miguu kuwaka moto kwa wenye kisukari. Dawa hii hupunguza usingizi wa ndoto. Mtu anaweza kuimeza miezi na miezi akidhani ameacha kuota. Mwili, hata hivyo, haukubali kunyimwa usingizi huo bila kudai. Dement aliliona jambo hili mwaka 1960 alipowaamsha watu kila walipoingia katika usingizi wa ndoto: kila usiku uliofuata walijaribu kuingia mara nyingi zaidi, na walipoachwa walale kwa raha walipata usingizi wa ndoto mwingi kuliko kawaida yao. Anayeacha amitriptilini ghafla hupatwa na kitu cha namna hiyo. Siku chache baada ya kidonge cha mwisho, ndoto hurudi kwa kishindo.

Hapo ndipo swali la kawaida, kwamba una dawa gani unayotumia, linapokosa jibu. Mtu atasema kwa ukweli kabisa kuwa hatumii dawa yoyote. Swali linalofaa ni hili: katika wiki 4 zilizopita umeanza dawa gani, umeacha ipi, na ipi imebadilishwa kipimo?

Pombe: nusu mbili za usiku

Watu wengi hunywa ili walale, na kweli pombe huharakisha usingizi. Bei yake hulipwa baadaye usiku ule ule. Kilevi kikiwa bado kingi katika damu, usingizi mzito huongezeka na usingizi wa ndoto hubanwa. Ini likishakimaliza, ubongo uliokuwa umetulizwa kwa nguvu huchangamka kupita kiasi. Usingizi unakuwa mwepesi, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, na usingizi wa ndoto uliozuiwa unarudi pamoja na kuamka mara kwa mara. Ukali wa ndoto na kumbukumbu yake huongezeka kwa pamoja, katika saa ambazo kwa kawaida ndizo zenye ndoto nyingi.

Hesabu yake inaweza kufanywa kwa vidole. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi halisi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala kahawa au maji baridi hayaliharakishi. Aliyekunywa chupa 3 ana gramu 60. Kwa gramu 8 kwa saa, atahitaji saa 7 na nusu. Kama alianza saa 1 usiku, mwili utakuwa umesafishika kwenye saa 8 na nusu usiku. Aliyezoea kushtuka saa 9 usiku kila Jumapili, akiwa na ndoto ya kutisha na kinywa kikavu, angefaa kufanya hesabu hiyo.

Kwa mnywaji wa kila siku aliyezoea kiasi kikubwa, kuacha ghafla ni hatari ya daraja nyingine. Huanza na mikono kutetemeka, jasho na ndoto mbaya, na kwa baadhi yao, siku ya 2 hadi ya 4, hufika kwenye kuweweseka, kuona maruweruwe akiwa macho, homa na degedege. Hali hiyo inaua. Familia inayoona mnywaji wao aliyeacha juzi akizungumza na watu wasiokuwepo impeleke hospitali mara moja, usiku ule ule.

Usingizi unaodaiwa

Anayelala saa 5 kwa usiku anakata mwisho wa usingizi, na mwisho ndiko kulikojaa ndoto. Siku tano za kazi za namna hiyo hulimbikiza deni la usingizi wa ndoto. Siku ya mapumziko mtu analala hadi jua limechomoza, na deni linalipwa kwa mkupuo: ndoto ndefu, kali, zinazofuatana. Walinzi wa usiku, madereva, wauguzi wa zamu na wazazi wa watoto wachanga wanalijua hili hata kama hawajaelezwa sababu yake.

Ukosefu wa usingizi pia huongeza uwezekano wa kukabwa usiku. Katika usingizi wa ndoto misuli mikubwa ya mwili hulegezwa kabisa, ili mtu asitekeleze anachokiota. Wakati mwingine fahamu huamka kabla misuli haijafunguliwa. Mtu anaona chumba chake, hawezi kusogeza hata kidole, kifua kinabanwa, na mabaki ya ndoto yanamletea kiumbe aliyemkalia. Hudumu sekunde kadhaa au dakika chache, kisha huisha yenyewe. Hutokea zaidi kwa aliyelala chali, aliyechoka, na mwenye ratiba ya usingizi isiyotulia.

Usiku mmoja, sababu nne

Tuchukue mfano niliouunda kutokana na mambo yanayotokea kwa kawaida. Dereva wa daladala, miaka 52, ana kisukari na anatumia glibenklamidi. Kwa miezi 8 amekuwa akimeza amitriptilini miligramu 25 kila usiku kwa ajili ya miguu inayowaka. Siku za kazi hulala saa 5 usiku na kuamka saa 10 alfajiri. Jumanne vidonge vya amitriptilini vinaisha, miguu haimsumbui sana, naye haoni haja ya kurudi kliniki. Jumamosi anakunywa bia 3 kuanzia saa 1 usiku, anakula kidogo sana, analala saa 5. Jumapili hana kazi, kwa hiyo haweki saa ya kumwamsha.

Saa 9 usiku anashtuka. Amemwota marehemu mama yake ng'ambo ya mto, anamwita avuke. Analala tena, anamwota tena. Anaamka saa 2 asubuhi amelowa jasho, na kabla ya chai ameshampigia simu dada yake mkubwa. Dada anasema mama analalamika. Kikao cha ukoo kinapangwa, na tayari kuna jina la mtu anayeshukiwa.

Sasa tupange sababu moja moja. Amitriptilini imekuwa ikipungua mwilini kwa siku nne, na usingizi wa ndoto uliobanwa kwa miezi 8 umefunguliwa. Bia 3 zimeubana tena nusu ya kwanza ya usiku na kuuachia kwenye saa 8 na nusu au 9. Wiki nzima ya kulala saa 5 imeacha deni, na Jumapili isiyo na kengele ndiyo nafasi ya kulilipa. Sababu tatu zimekutana katika saa zile zile.

Ya nne ndiyo ya haraka kuliko zote. Glibenklamidi hushusha sukari ya damu, na pombe iliyonywewa bila chakula cha kutosha hulizuia ini kutoa sukari ya akiba. Jasho jingi, moyo kwenda mbio na jinamizi usiku kwa mwenye kisukari anayetumia dawa hiyo au insulini ni dalili zinazojulikana za sukari kushuka. Kama nyumbani kuna kipimo cha sukari, kilipaswa kutumika saa 9 usiku, na chini ya milimoli 3.9 kwa lita alipaswa kunywa kitu chenye sukari papo hapo. Bila kipimo, anywe tu; glasi moja ya maji yenye sukari usiku mmoja haina madhara ya kulinganishwa na sukari iliyoshuka. Familia inayoketi kutafuta nani kamroga inaweza kupitwa na jambo ambalo lingemuua wiki ijayo.

Dereva huyu anahitaji kurudi kliniki aeleze kwamba vidonge viliisha, ili daktari aamue kama aendelee navyo au avipunguze polepole, na kama dawa yake ya kisukari inamfaa. Pombe asichanganye na amitriptilini hata kidogo, kwa kuwa zote mbili hulegeza ubongo na upumuaji. Akilala saa 7 kila usiku kwa wiki mbili hivi, kwa kawaida ndoto hupoa.

Daftari la wiki mbili

Anayetaka kujua chanzo cha ndoto zake anahitaji daftari na kalamu kando ya kitanda. Kila asubuhi aandike saa aliyolala, saa alizoamka na kilichomwamsha: jogoo, adhana, mtoto, haja ndogo, au ndoto yenyewe. Aandike dawa zote na saa ya kuzimeza, zikiwemo za duka la dawa na za mitishamba, kisha chupa au glasi za kilevi na saa ya mwisho. Ndoto aiandike kwa sentensi mbili tu, na aipe alama ya ukali kuanzia 0 hadi 3. Kuandika ndoto kila siku kwenyewe huongeza kuzikumbuka, kwa hiyo wiki ya kwanza asishangae idadi ikipanda. Ukali ndio wa kuangalia.

Baada ya wiki mbili atazame mfuatano. Ndoto za alama 3 zikiwa zimeanza siku chache baada ya dawa kuanzishwa, kuachwa au kubadilishwa kipimo, dawa ndiyo ya kuulizwa kwanza. Zikiangukia usiku wa kunywa au baada ya wiki ya kulala kidogo, jibu lipo ukurasani. Yaliyomo yakiwa yanabadilika kila usiku, leo nyoka, kesho mtihani, keshokutwa mafuriko, hilo nalo linaelekeza mwilini, kwa sababu kilichobadilika ni nguvu ya kuota na wala si habari moja inayosisitizwa. Daftari hilo alipeleke kwa daktari au mfamasia. Asiache dawa mwenyewe kwa ajili ya ndoto, hasa dawa za VVU, za kifafa, za presha na za akili, kwa sababu kuacha ghafla huweza kuleta madhara makubwa kuliko ndoto.

Yapo mambo ambayo daftari halitayatatua. Anayerusha ngumi na mateke akiwa usingizini, akaanguka kitandani au kumwumiza mwenzake, ana misuli isiyolegezwa ipasavyo wakati wa kuota. Kwa mtu aliyevuka miaka 50, hali hiyo wakati mwingine hutangulia ugonjwa wa Pakinsoni kwa miaka mingi, na wakati mwingine huletwa na dawa za sonona. Anayekoroma sana na kukatika pumzi anahitaji kuchunguzwa pumzi yake. Na yule anayeota tukio lile lile, ajali ile ile, shambulio lile lile, usiku baada ya usiku, huenda amebeba jeraha la moyo. Huyo anahitaji mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, hata kama hanywi wala hamezi chochote.

Baada ya hapo, maana

Haya hayamfuti mama wa yule dereva. Dawa na pombe ni kama mkono unaopandisha sauti ya redio. Wimbo wenyewe unatoka kwingine. Mama aliingia katika ndoto kwa sababu alikuwa mama yake, na mwanawe akitaka kwenda kuzuru kaburi, kusoma dua au kuomba misa, hakuna daktari wa kumzuia. Kilichoelezwa na kidonge ni kwa nini ndoto ilikuja na nguvu ile, usiku ule, na kwa nini ilikumbukwa. Kwa nini alikuwa yeye na si mtu mwingine, hilo linabaki swali la maisha yake.

Wala utaratibu huu haupingani na imani. Mafundisho ya Kiislamu yanazigawa ndoto katika mafungu matatu: zilizo njema kutoka kwa Mungu, vitisho vya shetani, na yale ambayo nafsi hujisemesha yenyewe kutokana na shughuli za mtu. Mgawanyo huo unakubali tangu mwanzo kwamba si kila ndoto ni ujumbe. Mwenye kuheshimu ndoto ya kweli ana sababu ya kuzichambua kwanza zile zilizoletwa na chupa na uchovu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ndugu yako akikusimulia ndoto iliyomtisha, usianze na tafsiri. Muulize alimeza nini, aliacha nini, alikunywa nini, alilala saa ngapi na nini kilimwamsha. Na kabla hujataja jina la jirani yeyote, hakikisha maswali hayo matano yamejibiwa yote.